Tope mita nne badala ya moja na nusu: notisi, simulizi ya dai na barua ya mgogoro chini ya FIDIC 1999

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhandisi wa saiti, kampuni yetu inajenga barabara huku Butaleja. Mkataba ni FIDIC nyekundu ya 1999. Tarehe 3 Machi tulianza kuchimba msingi wa kalvati pale kilomita 14+320, kwenye bonde la mafunjo. Nyaraka za zabuni zilionyesha mboji mita 1.4, halafu udongo mgumu. Tumeutoboa huo udongo mgumu, chini yake tumekuta tope tena mpaka mita 4 na zaidi. Mhandisi Mkazi alikuja siku hiyohiyo, akaona, akasema endeleeni, tutaongea. Leo ni tarehe 24 na hatujaandika chochote. Dai linaandikwaje? Na wakikataa, notisi ya mgogoro inaandikwaje?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kusoma mpaka mwisho, andika notisi na ipelekwe leo. Kifungu 20.1 cha FIDIC, masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, kinampa mkandarasi siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio. Wewe ulijua tarehe 3, kwa hiyo siku ya mwisho ni tarehe 31 Machi. Ikipita, kifungu hicho kinasema wazi kwamba muda wa kumaliza kazi hauongezwi, malipo ya ziada hayapo, na mwajiri ameondokewa na wajibu wote kuhusu dai hilo. Hakisemi dai litapungua. Kinasema limekwisha.

Maneno ya Mhandisi Mkazi hayakulindi. Kifungu 3.3 kinatambua agizo la mdomo, lakini kwa sharti: mkandarasi alithibitishe kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na Mhandisi, yaani msimamizi wa mkataba aliyeteuliwa na mwajiri, asipojibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi nyingine, uthibitisho ule unahesabika kuwa agizo lake. Siku hizo zimepita. Isitoshe, "endeleeni, tutaongea" si agizo la kubadilisha kazi. Ziara yake itakufaa kama ushahidi kwamba Mhandisi aliiona hali hiyo siku ya kwanza, basi. Muhtasari wa kikao cha saiti nao usiutegemee, hata kama tope limetajwa ndani yake. Notisi ni barua inayojitegemea, inayotambulika kuwa ni dai, na inayofika kwenye anwani iliyotajwa katika Kiambatisho cha Zabuni. Anwani hiyo mara nyingi ni ofisi ya Mhandisi mwenyewe Kampala, wala si kontena la Mhandisi Mkazi pale saiti. Peleka kwa mkono, pata sahihi na muhuri wa kupokea, nakala kwa mwajiri. Barua pepe itumie tu kama mkataba wako umeiruhusu kwa jina.

Wengi huchelewa kwa sababu wanasubiri majibu ya maabara au wanataka kwanza kujua gharama. Notisi haihitaji hata kimoja kati ya hivyo. Inahitaji kueleza tukio. Kwa dai la ardhi, kifungu 4.12 kinaongeza mambo mawili: uielezee hali yenyewe kiasi kwamba Mhandisi anaweza kuja kuikagua, na utoe sababu za kuiona kuwa haikutarajiwa. Hili la pili ndilo linalosahaulika. Barua yako inaweza kusomeka hivi:

> Kwa Mhandisi. Nakala: Mwajiri.
> YAH: Notisi chini ya vifungu 4.12 na 20.1. Hali ya ardhi isiyotarajiwa, kalvati ya kilomita 14+320
>
> Tunatoa notisi kwamba tarehe 3 Machi, wakati wa kuchimba msingi wa kalvati iliyotajwa, tulikutana na tabaka la mboji na tope laini lililo chini ya tabaka la mfinyanzi mgumu. Mfinyanzi huo una unene wa takriban mita 0.8, na tope lililo chini yake linafika kina kinachozidi mita 4 kutoka usawa wa asili wa ardhi. Mipaka yake bado inapimwa.
>
> Tunaona kuwa hali hii haikutarajiwa kwa sababu taarifa za ardhi zilizotolewa na Mwajiri kabla ya zabuni, hususan kumbukumbu ya shimo la majaribio namba 7, zinaonyesha mboji hadi mita 1.4 na mfinyanzi mgumu kuanzia hapo hadi mwisho wa shimo, na michoro ya mkataba imeweka msingi wa kalvati juu ya mfinyanzi huo.
>
> Hali hii imechelewesha na itaendelea kuchelewesha kazi, na inatusababishia gharama. Tunadai nyongeza ya muda chini ya kifungu 8.4 na gharama chini ya kifungu 4.12. Maelezo kamili yatafuata kwa mujibu wa kifungu 20.1.
>
> Shimo liko wazi. Tunakuomba uje kulikagua, na umtume mwakilishi wako katika upimaji wa pamoja utakaofanyika tarehe 26 Machi saa 3 asubuhi. Tunaendelea na kazi kwa hatua zinazofaa kulingana na hali hiyo.

Haizidi ukurasa mmoja. Usiweke kiasi cha fedha, na usiweke neno "takriban" kwenye tarehe. Sentensi ya mwisho nayo ina kazi yake: kifungu 4.12 kinamtaka mkandarasi aendelee na kazi kwa hatua zinazofaa, isipokuwa apewe agizo jingine. Ukisimamisha kazi kwa uamuzi wako mwenyewe, siku hizo utazilipia wewe.

Upimaji huo wa pamoja ufanyike kabla hujajaza shimo, maana ukishajaza, mwenye kumbukumbu nzuri zaidi ndiye mwenye ardhi. Pima kina cha tope kila mita 5 kwenye mstari wa kati na pande zote mbili. Piga picha mira, ile fimbo ya kupimia, ikiwa imesimama shimoni na namba zake zinasomeka. Chukua sampuli za kila tabaka, na kila siku andika mtambo gani ulifanya kazi, upi ulisimama, na kwa sababu gani. Mkaguzi wa Mhandisi Mkazi asaini karatasi hiyo jioni. Akikataa, itume kwa barua siku inayofuata ukiandika kwamba aliombwa kusaini. Kifungu 20.1 kinadai kumbukumbu zilizoandikwa wakati tukio linatokea. Jedwali lililotengenezwa Juni kwa kukumbuka mambo ya Machi halina uzito huo.

Sasa twende kwenye simulizi ya dai. Hii inatakiwa ndani ya siku 42 tangu ulipojua, yaani kufikia tarehe 14 Aprili. Hesabu inaanzia siku ya kujua, si siku ya kutuma notisi, na wengi huteleza hapo. Kama athari bado zinaendelea siku hiyo, unachowasilisha ni dai la mpito, si la mwisho, kisha unatuma nyongeza kila mwezi zenye jumla ya siku na fedha mpaka hapo, na dai la mwisho ndani ya siku 28 baada ya athari kukoma.

Swali ambalo simulizi yako lazima ilijibu ni moja: je, mkandarasi mzoefu angeweza kulitarajia jambo hili kufikia tarehe ya kuwasilisha zabuni? Mkataba haumuulizi mkandarasi wako peke yake alichojua. Unamuuliza mkandarasi mzoefu, akiwa na taarifa zilizokuwapo siku ile. Kwa hiyo usiandike "tulishangaa kukuta tope." Bonde la mafunjo linaloingia Mpologoma lina tope, na kila aliyejenga barabara mashariki mwa Uganda analijua hilo. Ukidai kwamba tope lenyewe halikutarajiwa, Mhandisi atakataa na atakuwa na haki. Dai lako ni jembamba zaidi na ndiyo maana lina nguvu: tope lililo juu lilitarajiwa na liliwekewa bei, bali kilichokosa kutarajiwa ni tabaka la pili lililojificha chini ya mfinyanzi mgumu. Mto ukipanda na kubadilisha njia, huweza kulaza mfinyanzi juu ya mboji ya zamani, kisha kinamasi kipya kikaota juu yake. Aliyechimba shimo la mita 2 akaishia ndani ya ule mfinyanzi aliona ardhi imara.

Kuna hukumu ya mahakama ya Uingereza ya mwaka 2014, kesi ya Obrascon dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Gibraltar, kuhusu handaki la barabara chini ya uwanja wa ndege, kwenye mkataba wa FIDIC wa toleo la 1999. Mkandarasi alisema udongo wenye sumu ulikuwa mwingi kuliko ripoti ya ardhi ilivyoonyesha. Jaji alikataa: mkandarasi mzoefu haipokei ripoti kama ilivyo na kuishia hapo, anaitafakari pamoja na historia ya mahali na kuweka akiba kwa hatari inayoonekana. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa haikumwokoa mkandarasi huyo. Kwa mahakama na wasuluhishi wa Uganda hukumu hiyo ni ya kushawishi tu, haiwafungi, lakini tegemea mshauri wa mwajiri ataitaja. Jaji huyohuyo alisema pia kwamba notisi haina fomu maalumu, mradi iwe ya maandishi, ieleze tukio na itambulike kuwa ni dai. Sehemu hiyo iko upande wako.

Kwa hiyo simulizi ifuate njia ambayo msomaji asiye na shauku na wewe anaweza kuifuata. Anza na kilichosemwa kabla ya zabuni: chini ya kifungu 4.10 mwajiri alitoa taarifa zipi, mashimo mangapi ya majaribio, yako umbali gani kutoka kwenye kalvati, yalifika kina gani. Ambatisha kumbukumbu yenyewe ya shimo namba 7, wala usiifupishe kwa maneno yako. Kisha sema mkandarasi alifanya nini kwa taarifa hizo, kwa sababu kifungu hichohicho kinamfanya awajibike kuzitafsiri, na kinamhesabu kuwa alikagua eneo kwa kadiri ilivyowezekana kwa kuzingatia muda na gharama. Leta ripoti ya ziara ya saiti ya wakati wa zabuni. Kama mlichoma fimbo ya chuma bondeni mkakwama mita 1.4 au 1.5, hilo lina thamani kubwa, kwani fimbo iligonga mfinyanzi uleule na ikaonyesha picha ileile ya shimo namba 7. Kama hamkuchoma, eleza ukweli huo na uonyeshe kwamba fimbo isingeupenya mfinyanzi, ukitumia vipimo vya ugumu wake mlivyovichukua sasa.

Halafu onyesha mbunifu wa mwajiri aliamini nini. Aliweka sakafu ya kalvati juu ya ule mfinyanzi, akaandika kwenye mchoro uondoaji wa udongo usiofaa kwa kina cha mita 1.5. Huyu alikuwa na miezi ya kuchunguza, ilhali wazabuni walikuwa na wiki chache. Hoja hii peke yake haimalizi shauri, kwa kuwa kipimo ni mkandarasi mzoefu na si mbunifu, lakini ni vigumu Mhandisi kusema jambo lilikuwa wazi kwa wazabuni wakati aliyebuni hakuliona.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye kilichokutwa: mchoro mmoja wa bonde kwa upande, tabaka za zabuni upande wa kushoto na zilizokutwa upande wa kulia, kwa vipimo vilevile. Mchoro huo utasomwa na watu ambao hawatasoma kurasa zako 40, kwa hiyo uchoreke vizuri.

Udhaifu wako mkubwa ninauona mahali pawili, na ni bora uujibu kabla hujaulizwa. Wa kwanza ni shimo kuishia mita 2. Kama kumbukumbu imeandika tu "shimo limeishia hapa" bila kusema limefika ardhi ngumu, Mhandisi atasema karatasi ilinyamaza kuhusu kilicho chini, na mkandarasi mzoefu hujihadhari na kimya. Jibu lipo kwenye maneno ya kumbukumbu ("mfinyanzi mgumu, mkavu kiasi"), kwenye mashimo jirani na kwenye mchoro wa msingi. Lakini soma kwanza kumbukumbu za mabonde mengine ya barabara hiyohiyo. Kama shimo la kilomita 11 lilionyesha mboji mbili zilizotenganishwa na mfinyanzi, zabuni ilikuwa imekuonya, na dai lako limepungua sana nguvu. Afadhali ulijue wewe kabla ya wao.

Udhaifu wa pili ni mvua. Mvua za kwanza huku huanza Machi. Kifungu 4.12 kinahesabu hali za chini ya ardhi na za maji kuwa hali za ardhi, lakini kinaziondoa hali za hewa pale saiti. Maji yanayochuruzika kutoka kwenye mboji ya chini ni hali ya ardhi. Shimo kujaa kwa sababu imenyesha usiku ni hali ya hewa. Kama shajara yako imeandika "maji mengi shimoni" bila kutenganisha, Mhandisi atayapeleka yote kwenye mvua. Weka kipima mvua leo kama hakipo, na kila asubuhi andika mvua ya usiku, kina cha maji shimoni kabla ya kuwasha pampu, na kasi ya maji kurudi baada ya kuzima. Maji yakirudi kwa kasi ileile siku tatu zisizo na mvua, hoja imekwisha.

Tuje kwenye siku na fedha. Nitatumia namba za mfano tu, wewe weka zako. Tuseme kipande kina urefu wa mita 80 na upana wa wastani wa mita 16. Mpango ulikuwa kuondoa mita 1.5, yaani mita za ujazo 1,920. Kina halisi kikatoka wastani wa mita 4, yaani mita za ujazo 5,120. Ziada ni 3,200. Wengi huchukua ziada hiyo, wakaizidisha kwa bei na kuiingiza kwenye dai. Usifanye hivyo. Kitabu chekundu ni mkataba wa kupima upya: kama jedwali la kazi na bei lina kipengele cha kuondoa udongo usiofaa na kingine cha kujaza mawe, ziada hiyo inalipwa kwa bei za jedwali kwenye hati ya malipo ya kila mwezi, chini ya kifungu 12. Ukiiweka tena kwenye dai, umedai mara mbili, na Mhandisi akiligundua hilo ataanza kutilia shaka hata zile kurasa zilizo safi.

Kama bei ya jedwali haitoshi, kwa mfano kwa sababu uchimbaji wa chini ya mita 2 unahitaji ekskaveta ya mkono mrefu, njia yake ni kuomba bei mpya chini ya kifungu 12.3. Masharti yanatimizwa yote kwa pamoja: kiasi kibadilike zaidi ya asilimia 10, badiliko hilo likizidishwa kwa bei lizidi asilimia 0.01 ya kiasi cha mkataba kilichokubaliwa, libadilishe moja kwa moja gharama ya kipimo kimoja kwa zaidi ya asilimia 1, na kipengele kisiwe kimeandikwa kuwa cha bei isiyobadilika. Kwenye toleo la benki za maendeleo, linalotumika kwenye miradi mingi ya mikopo, viwango viwili vya kwanza ni vikubwa zaidi, kwa hiyo hakikisha unasoma toleo lililomo kwenye mkataba wako. Na kama Mhandisi ataagiza kwa maandishi muundo tofauti, tuseme kitambaa cha kutenganisha na mawe makubwa badala ya changarawe, hiyo ni badiliko la kazi chini ya kifungu 13, linalothaminiwa kwa njia yake. Gharama chini ya 4.12 haina faida ndani yake, na ndiyo maana nakushauri uliombe agizo hilo kwa barua badala ya kulikisia.

Kinachobaki kwenye dai ni kile ambacho jedwali halikilipi. Anza na muda. Ratiba iliyokubaliwa iliipa kazi hiyo siku 12 za kazi, ikachukua 41. Tofauti ni 29, lakini 29 siyo dai. Siku 6 ekskaveta yenu ilikuwa imeharibika, siku 3 zilipotea kwa mvua. Zinazobaki ni 20. Sasa onyesha kwamba siku hizo 20 zilisogeza tarehe ya kumaliza mradi mzima, kwani kifungu 8.4 hakitoi siku kwa sababu kalvati moja imechelewa. Kama tipa za changarawe zilipaswa kupita juu ya kalvati hiyo kwenda mbele na hakuna njia nyingine, onyesha kwenye ratiba jinsi tabaka za barabara za kilomita 15 kwenda mbele zilivyokaa kusubiri. Kama mlikuwa na kazi ya kutosha upande wa huku, pengine umepata siku 8 tu. Dai siku 8.

Kwenye fedha, mfano wangu una vitu vinne. Ekskaveta ya kampuni ilisimama siku 9 ikisubiri maelekezo, kwa gharama halisi ya kuimiliki ya shilingi 550,000 kwa siku: 4,950,000. Usitumie bei ya kukodisha kwa mtambo wako mwenyewe, kwa sababu mkataba unalipa kilichotumika, si kilichokosekana kuingia. Pampu mbili kwa siku 20, kila moja 180,000 pamoja na mafuta: 7,200,000. Jukwaa la mawe la kusimamishia mtambo, lisilokuwa kwenye jedwali, mita za ujazo 400 kwa 65,000: 26,000,000. Uendeshaji wa saiti, yaani mishahara ya ofisi, ulinzi, magari na kodi ya kambi, 3,100,000 kwa siku ya kazi kwa siku 20: 62,000,000. Jumla 100,150,000. Hakikisha dereva wa ekskaveta hayumo pia kwenye mishahara ya saiti. Na angalia hicho kipengele kikubwa: kinasimama au kuanguka pamoja na siku 20. Ukipata siku 8 kinashuka hadi 24,800,000. Basi karani wa hesabu asitangulie kabla mpanga ratiba hajamaliza.

Mhandisi akipokea dai tarehe 14 Aprili, ana siku 42, yaani mpaka 26 Mei, kulikubali au kulikataa kwa maelezo. Anaweza kuomba taarifa zaidi, lakini lazima ajibu kuhusu msingi wa dai ndani ya muda huo. Chini ya kifungu 3.5 anatakiwa ashauriane na pande zote mbili, na wasipokubaliana atoe uamuzi wa haki. Jiandae pia kwa jambo moja: 4.12 kinamruhusu aangalie kama sehemu nyingine zinazofanana za kazi zilikuwa na ardhi nzuri kuliko ilivyotarajiwa, na kuzipunguza gharama zako kwa faida hiyo, ingawa hawezi kuufanya mkataba mzima upungue thamani kwa njia hiyo.

Akikataa, ndipo kuna mgogoro. Toleo la 1999 halina karatasi iitwayo notisi ya mgogoro. Lina barua mbili tofauti na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kuupeleka mgogoro kwenye bodi ya utatuzi wa migogoro chini ya kifungu 20.4. Ya pili ni notisi ya kutoridhika na uamuzi wa bodi. Ukiiandika ya pili bila kupitia ya kwanza wakati bodi ipo, wasuluhishi watakurudisha nyuma.

Barua ya kwanza iende kwa bodi, nakala kwa mwajiri na kwa Mhandisi, na iseme kwa maneno yake kwamba inatolewa chini ya kifungu 20.4. Hilo ni sharti. Kisha ieleze mgogoro ni upi kwa sentensi chache: "Mkandarasi alidai siku 20 na shilingi 100,150,000 kwa barua ya tarehe 14 Aprili. Mhandisi alikataa kwa barua ya tarehe 22 Mei kwa sababu kwamba hali ilitarajiwa. Mkandarasi anapinga sababu hiyo." Halafu useme unaiomba bodi iamue nini, kipengele kwa kipengele: kwamba hali haikutarajiwa, kwamba notisi ilitolewa kwa wakati, siku ngapi, shilingi ngapi. Usiongeze dai jipya ambalo Mhandisi hajawahi kuliona, maana juu ya hilo bado hakuna mgogoro. Simulizi uliyoandika Aprili inaingia kama kiambatisho, bila kuandikwa upya. Ukibadilisha namba sasa, eleza kwa nini.

Kama Mhandisi amekaa kimya, toleo hili halisemi kwamba kimya chake ni kukataa. Muandikie baada ya 26 Mei, mpe tarehe, sema kwamba asipojibu utalihesabu dai limekataliwa. Tarehe hiyo ikipita, peleka kwa bodi.

Bodi ina siku 84. Ukiwa umepeleka na wamepokea tarehe 10 Juni, mwisho ni 2 Septemba. Uamuzi wake unatekelezwa mara moja na pande zote hata kama kuna asiyeridhika, na kazi inaendelea. Asiyeridhika ana siku 28 tangu apokee uamuzi kutoa notisi ya kutoridhika, inayotaja jambo linalobishaniwa na sababu za kutoridhika. Ukipokea 2 Septemba, mwisho ni 30 Septemba. Hakuna anayeitoa, uamuzi unakuwa wa mwisho. Bodi isipoamua ndani ya siku 84, siku 28 nazo zinaanza kuhesabika kutoka mwisho wa muda huo, na hapa mikataba mingi huponyoka kwa sababu mkandarasi anaendelea kuisubiri bodi kwa adabu. Baada ya notisi, pande zina siku 56 za kutafuta suluhu, kwa mfano huu hadi 25 Novemba, kisha usuluhishi unaweza kuanza. Usuluhishi wenyewe Uganda uko chini ya Sheria ya Usuluhishi na Upatanishi ya mwaka 2000, na mmoja akikimbilia mahakamani, mwenzake anaweza kuomba kesi isimamishwe.

Angalia sasa kama bodi yenu ipo kweli. Hutokea mkataba ukaitaja na hakuna aliyeiteua. Kama haipo, chukua hatua za kuiteua chini ya vifungu 20.2 na 20.3, ukitumia mamlaka ya uteuzi iliyotajwa kwenye Kiambatisho cha Zabuni. Kifungu 20.8 kinafungua njia ya kwenda moja kwa moja kwenye usuluhishi pale bodi isipokuwapo, lakini mwajiri atakuuliza kama ulijaribu kuiteua, na barua za kujaribu ndizo zitakazokujibia.

Ukiwa na mradi mwingine chini ya toleo la 2017, usihamishe siku hizi. Kule dai kamili ni siku 84, na usipotaja msingi wa kimkataba ndani ya muda huo notisi yako inaanguka. Kimya cha Mhandisi kinahesabika kuwa kukataa. Notisi ya kutoridhika inatoka dhidi ya uamuzi wa Mhandisi ndani ya siku 28, na usipoupeleka mgogoro kwenye bodi ndani ya siku 42 baada ya notisi hiyo, notisi inakufa.

Barua ya leo ikishapokelewa na kugongwa muhuri, nitumie kumbukumbu za mashimo ya majaribio ya mabonde yote ya barabara hiyo, si la kilomita 14 peke yake.